Kosa 1603 na programu ya zamani isiyotaka kuondoka

Mstari wa kijani unasogea hadi karibu na mwisho, unasita, kisha unaanza kurudi nyuma. Baada ya muda mfupi Windows inatangaza kwamba usakinishaji umeshindikana na kutoa namba 1603. Mwenye kompyuta anazima na kuwasha, anajaribu tena, na namba ni ile ile.

Namba hiyo haimtaji mkosaji. Windows Installer, yaani huduma ya Windows inayosakinisha mafaili ya aina ya .msi, huitumia kusema tu kwamba kazi imekatika njiani. Diski ikijaa unaweza kupata 1603. Ruhusa ya kuandika kwenye folda fulani ikikosekana, 1603. Toleo la zamani likigoma kuondoka, 1603 vilevile. Kwa hiyo dawa iliyomponya jirani yako huenda isikufae hata kidogo, kwa kuwa tatizo lake lilikuwa jingine.

Kule kurudi nyuma ni jambo jema. Kabla ya kubadilisha kitu, Windows Installer huweka akiba ya mafaili ya zamani kwenye folda iliyofichwa iitwayo Config.Msi, pamoja na orodha ya hatua za kutengua kila kilichofanyika. Usakinishaji ukifaulu, akiba hiyo hufutwa. Ukishindwa, orodha inafuatwa na kompyuta inarudishwa ilivyokuwa. Ndiyo maana toleo jipya lililoshindwa kwa kawaida haliachi mabaki mengi. Yanayobaki ni yale ya hatua za ziada ambazo mtengenezaji aliziandika mwenyewe bila kuziandikia njia ya kuzitengua. Mara nyingi, mabaki yanayozuia usakinishaji yalikuwepo kabla hujaanza.

Ili kumjua mkosaji, iambie huduma hiyo iandike kila inachokifanya. Tengeneza folda C:\Temp, weka humo faili la programu, fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, kisha andika:

```
msiexec /i "C:\Temp\hesabu5.msi" /L*v "C:\Temp\ripoti.txt"
```

Hapo hesabu5.msi ni jina la mfano tu. Usakinishaji utashindwa kama kawaida, lakini sasa una ripoti ya maelfu ya mistari. Usiisome yote. Ifungue kwa Notepad, utafute maneno `Return value 3`, na usimame pale yanapotokea kwa mara ya kwanza. Maneno hayo hujirudia huko chini kwa sababu hatua moja ikianguka, ile iliyoibeba nayo huandikwa kuwa imeanguka. Chanzo kiko mistari michache juu ya pale pa kwanza.

Tuchukue ofisi ya mhasibu inayotaka kupanda kutoka toleo la 4 la programu yake ya hesabu hadi la 5. Kwenye ripoti, juu kidogo ya `Return value 3` ya kwanza, kuna kosa 1714: toleo la zamani haliwezi kuondolewa. Ndani ya mstari huohuo imetajwa namba nyingine, 1612, yenye maana kwamba faili asilia la usakinishaji halipatikani. Sasa tuna kitu cha kushika. Toleo la 5 ni zima. Toleo la 4 ndilo limeshindwa kuondoka.

Limeshindwa kwa nini? Kila programu ya .msi inaposakinishwa, Windows hutunza nakala ya faili lake ndani ya C:\Windows\Installer, kwa jina jipya la herufi na tarakimu zisizoeleweka. Nakala hiyo ndiyo inayojua namna ya kuiondoa programu baadaye. Folda hiyo imefichwa, nayo yaweza kula gigabaiti nyingi. Kwenye kompyuta yenye diski ndogo, fundi anayetafuta nafasi huiona, akadhani ni takataka, akaifuta. Siku hiyo hakuna kinachoharibika, programu zote zinafunguka. Madhara yanajitokeza miezi baadaye, wakati wa kupandisha toleo, na hakuna anayekumbuka ule usafi.

Mabaki ya rejista yanayolaumiwa ndiyo haya: Windows bado imeandika kwamba toleo la 4 lipo, ilhali faili la kuliondoa halipo. Ukitaka kuhakikisha, fungua `regedit` uende hapa:

```
HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Installer\UserData\S-1-5-18\Products
```

Utakuta majina marefu yasiyosomeka, kwa kuwa namba ya utambulisho ya programu imepinduliwa. Namba ya 7-Zip 19.00 ya biti 64, kwa mfano, huanza na 23170F69, lakini hapa jina lake linaanza na 96F07132, yaani tarakimu zilezile kutoka nyuma. Anayetafuta kwa namba ya kawaida hapati kitu. Tafuta kwa jina la programu badala yake. Ukiipata, fungua `InstallProperties` chini yake na usome `LocalPackage`, panapotajwa njia ya ile nakala. Kama faili hilo halipo mahali palipotajwa, umempata mkosaji.

Wengi wakifika hapa huanza kufuta. Mimi naona ni haraka mno. Rekodi ya rejista ni ya kweli. Kilichopotea ni faili, basi lirudishwe faili. Tafuta .msi ya toleo lilelile la 4, si la karibu nalo, uendeshe:

```
msiexec /fvomus "C:\Temp\hesabu4.msi"
```

Herufi v ndiyo inayoamuru nakala mpya itunzwe. Jina la faili lazima liwe lile lililotumika siku ya kwanza. Kama kivinjari kimelipakua likawa `hesabu4 (1).msi`, lirudishie jina lake, la sivyo utapata kosa 1316. Amri ikikubali, sakinisha toleo la 5: la 4 litaondoka lenyewe.

Toleo la zamani likiwa halipatikani popote, hapo ndipo kufuta kunapohalalika. Kwanza hifadhi nakala ya rejista na utengeneze kituo cha kurejesha mfumo. Kisha tumia chombo cha Microsoft cha kutatua matatizo ya kusakinisha na kuondoa programu: unachagua programu kwenye orodha, nacho kinafuta usajili wake. Jihadhari na Windows Installer CleanUp Utility, ambayo bado inazunguka mitandaoni. Microsoft iliiondoa mwaka 2010 kwa sababu wakati mwingine iliharibu programu nyingine zilizomo kwenye kompyuta. Na hizi programu zinazojigamba kusafisha rejista nzima kwa kubofya mara moja, Microsoft haiungi mkono matumizi yake.

Hatari yenyewe inaeleweka ukiangalia ufunguo uitwao `Components`, jirani ya `Products`. Humo kila kipande cha programu kimeorodheshwa pamoja na programu zote zinazokitumia, na kipande kimoja chaweza kuwa cha programu tatu. Anayefuta kwa mkono `Products` ya programu moja anagusa rekodi moja. Anayefagia `Components` kwa kukisia anaweza kuvunja programu ambayo hakuikusudia.

Chombo kikimaliza, mafaili yenyewe ya toleo la 4 huenda yakabaki ndani ya Program Files, kwa kuwa kilichofutwa ni usajili. Kabla ya kuifuta folda hiyo, fungua uangalie kama data za wateja wa mhasibu zimehifadhiwa humohumo. Zinakiliwe kwingine kwanza, kisha folda ifutwe na toleo la 5 lisakinishwe, tena kwa amri ileile ya kuandika ripoti.