Picha ya Wigi Kabla ya Wigi Lenyewe

Nywele za mgonjwa anayepata tibakemikali kwa kawaida huanza kung'oka wiki mbili hadi tatu baada ya dozi ya kwanza. Dawa hizo hushambulia seli zinazojigawa haraka, na mashina ya nywele ni miongoni mwake. Kwa baadhi ya wagonjwa nyusi na kope nazo hupukutika. Ndiyo maana mteja wa namna hii anapofika kwa fundi wa mawigi, kumwonyesha wigi likiwa limevishwa kichwa cha bandia hakumsaidii sana. Anachotaka kujua ni atakavyoonekana yeye. Fundi mwenye kompyuta na programu ya kuhariri picha, kama GIMP inayopatikana bure, anaweza kumjibu kabla hajaanza kushona.

Picha ya mteja hupigwa kwenye mwanga wa mchana kivulini, simu ikiwa umbali wa kama mita mbili na usawa wa macho. Picha ya kujipiga kwa mkono haifai, kwa kuwa simu ikiwa karibu hukuza pua na kufanya kichwa kionekane chembamba kuliko kilivyo. Wigi nalo, au jingine la mtindo uleule, hupigwa picha likiwa kwenye kichwa cha bandia, kwa mwanga na mwelekeo uleule, huku utepe wa kupimia ukiwa umebandikwa kwenye paji.

Kazi ngumu ni vipimo. Tuseme mteja ana milimita 62 kati ya mboni na mboni, zilizopimwa kwa rula, na kwenye picha yake umbali huo ni pikseli 310. Kila milimita basi ni pikseli 5. Kwenye picha ya wigi, milimita 100 za utepe zimechukua pikseli 800, yaani 8 kwa kila milimita. Wigi litapunguzwa hadi asilimia 62.5 ya ukubwa wake, na hapo litakaa usoni kwa kipimo kinachokaribia cha kweli. Fundi anayelivuta kwa jicho tu hadi "lipendeze" ataonyesha wigi ambalo halipo.

Kisha ni mahali pa kuliweka. Mafundi wengi hupima vidole vinne juu ya nyusi, lakini mteja huyu nyusi hana. Fundi hurudi kwenye picha yake ya zamani, iliyopigwa kwa mbele, na kupima kutoka usawa wa mboni hadi nywele zilipoanzia. Kwa mteja wetu, umbali huo ni mara 1.4 ya ule wa kati ya mboni. Hiyo ni milimita 87 hivi, au pikseli 434 kwenye picha mpya. Wigi likishuka chini ya hapo, paji hufupika na uso huonekana kama umevaa kofia.

Wigi huwekwa kwenye tabaka lake, na kingo hufichwa kwa Layer Mask badala ya kufutwa, ili kosa lirekebishike. Chini yake huongezwa tabaka la kivuli lenye hali ya Multiply, kwa rangi ya ngozi ya mteja iliyokolezwa. Kivuli cheusi tupu huacha mstari unaoonekana kama masizi. Ili kugundua kasoro, fundi huigeuza picha kulia kushoto. Jicho lililokwisha kuizoea huona upesi upande uliopinda, au mwanga wa nywele unaotoka upande mwingine na ule wa uso.

Kishawishi kikubwa huja hapo: kulainisha ngozi, kupunguza uvimbe wa mashavu, kurudisha nyusi. Dawa za steroidi zinaweza kuvimbisha uso, na baadhi ya dawa za saratani hufanya ngozi iwe nyeusi zaidi. Fundi akiyafuta hayo, mteja atakuja kuvaa wigi sahihi kabisa na kuona limemkataa, ilhali kilichobadilishwa kwenye picha kilikuwa uso. Kinachofaa ni nakala mbili: moja uso ulivyo, nyingine yenye nyusi ambazo mteja mwenyewe anaweza kuzichora kwa wanja.

Mteja akisema, "Dada, hizi nywele ni nyingi mno, watu watajua," fundi hupunguza ujazo kwenye picha na kuandika badiliko hilo kwenye maelezo ya kushonea. Picha haisemi lolote kuhusu joto wala mwasho wa kofia ya ndani. Mzingo wa kichwa hupimwa upya nywele zikishaisha, maana kipimo kilichochukuliwa juu ya nywele huzaa wigi linaloteleza.

Picha ya kipara hubaki mali ya mteja: haitumwi kwa wateja wengine wala kutundikwa dukani bila ruhusa yake, na wigi likishachukuliwa, hufutwa kwenye simu na kwenye kompyuta.