Maneno na Tarakimu Yanapogongana: Kiasi cha Fedha katika Hundi na Ankara

1. Madhumuni

Katika hundi kiasi cha fedha huandikwa mara mbili: mara moja kwa maneno katika mstari wa kati, na mara ya pili kwa tarakimu ndani ya kisanduku kilicho kando. Ankara nyingi hufuata desturi hiyo hiyo katika mstari wa jumla. Madhumuni ya makala haya ni kueleza lipi kati ya maandishi hayo mawili lithibitishwe yanapotofautiana, na kuonyesha kwamba swali hili, ambalo kwa kawaida huachiwa wanasheria na makarani wa benki, lina upande wa isimu ambao Kiswahili hukabiliana nao kwa namna yake. Mifano yetu tumeiweka Nakuru na Njoro, mahali ambapo mahindi na ngano huuzwa kwa magunia na mauzo mengi huishia katika hati za namna hii. Mifano hiyo ni ya kubuni. Sheria inayoihukumu si ya kubuni.

2. Kanuni na chimbuko lake

Sheria ya Hati za Fedha ya Kenya, Sura ya 27, inasema katika kifungu cha 9 kwamba kiasi kikiandikwa kwa maneno na pia kwa tarakimu, na pakawa na tofauti kati ya hayo mawili, kiasi kinacholipwa ni kile kinachotajwa na maneno. Kanuni hii ilirithiwa kutoka sheria ya Uingereza ya mwaka 1882. Sheria ya India ya mwaka 1881 inasema vivyo hivyo, na mkataba wa Geneva wa mwaka 1931 kuhusu hundi, ambao nchi nyingi za Ulaya bara ziliufuata, nao ukaikubali.

Mahakama za Uingereza zilikuwa zimekwisha kufikia hapo kabla sheria haijatungwa. Katika shauri la Saunderson dhidi ya Piper la mwaka 1839, hati ilionyesha pauni 245 kwa tarakimu, lakini maneno yalitaja pauni mia mbili tu. Hata stempu ya ushuru ya hati hiyo ilikuwa ile ya kiasi kikubwa zaidi, jambo lililoashiria kwamba mwandishi alisahau kuandika sehemu ya mwisho ya maneno. Hata hivyo mahakama ilikataa kupokea ushahidi wa kuthibitisha nia hiyo, na hati ikahesabiwa kuwa ya pauni 200.

Sababu ya kuyapa maneno nguvu ni ya kimaumbile. Tarakimu moja ni alama moja, na mkwaruzo mdogo wa kalamu waweza kuifanya 1 kuwa 7, au 0 kuwa 6. Sufuri moja ikiongezwa mwishoni, kiasi huwa mara kumi ya kile cha awali. Neno lina herufi kadhaa, na kosa la herufi moja kwa kawaida halizai neno jingine la hesabu. Anayeandika “arubaini” mahali pa “arobaini” bado anaeleweka, bali anayeandika 4 mahali pa 9 amekwisha kusema jambo jingine.

3. Mfano wa hundi

Tuseme mkulima wa Njoro amempelekea mnunuzi wa Nakuru magunia 18 ya mahindi kwa bei ya Sh. 3,600 kila gunia. Anapokea hundi ambayo tarakimu zake ni 68,400, lakini maneno yake ni “shilingi sitini na nne elfu na mia nane tu”. Kwa mujibu wa kifungu cha 9, hundi hiyo ni ya Sh. 64,800.

Watunza hesabu wana kipimo chao cha kutambua aina ya kosa. Tarakimu mbili jirani zikibadilishana nafasi, tofauti kati ya kiasi cha kweli na kile kilichokosewa hugawanyika kwa 9 bila kubakisha kitu. Hapa tofauti ni 3,600, nayo ni mara 400 ya 9. Kwa hiyo tunaelekea kusema kwamba mwandishi alizipindua 4 na 8, na kwamba shauri limekwisha.

Lakini tofauti hiyo ya 3,600 ndiyo pia bei ya gunia moja kamili, na magunia 19 yangefanya Sh. 68,400 barabara. Yawezekana basi kwamba tarakimu zilinakiliwa kutoka hesabu ya magunia 19, na maneno kutoka hesabu ya 18. Kipimo cha 9 hakiwezi kutenganisha mambo haya mawili; kinaonyesha tu kwamba kupinduliwa kwa tarakimu kunawezekana. Hati inayoweza kuamua ni ile ya kupokelea mzigo, iliyotiwa sahihi siku magunia yaliposhushwa.

Hapa yafaa tutenganishe maswali mawili ambayo huchanganywa mara nyingi. Swali la kwanza ni hundi hii ni ya kiasi gani, na jibu lake liko katika maneno. Swali la pili ni mnunuzi anadaiwa kiasi gani, na jibu lake limo katika mapatano na hati ya mapokezi. Ikiwa magunia yalikuwa 19, hundi bado ni ya Sh. 64,800, na mkulima bado anadai Sh. 3,600. Kanuni ya maneno huamua maana ya karatasi, haifuti deni.

Ingawa sheria imetoa jibu, kwa kawaida benki hailipi hundi ya namna hiyo, bali huirudisha ikiwa imeandikwa kwamba maneno na tarakimu yanatofautiana, kwani karani hataki kubashiri nia ya mteja wake. Mlipwa naye hana ruhusa ya kusahihisha kiasi kwa kalamu yake mwenyewe. Kubadili kiasi bila idhini ya aliyetoa hundi ni mabadiliko ya msingi, na huweza kuibatilisha hati nzima dhidi yake. Tangu mwaka 2011, benki za Kenya zilipoanza kupelekeana picha za hundi badala ya karatasi zenyewe, hundi yenye mikwaruzo imezidi kuwa mashakani. Njia iliyo salama ni kuomba hundi mpya.

4. Tatizo la neno “elfu”

Kanuni tuliyoieleza inachukulia kwamba maneno yana maana moja. Katika Kiswahili jambo hilo si la hakika daima. Tuchukue kirai “elfu ishirini na tano”. Kirai hiki chaweza kuchanganuliwa kwa njia mbili. Katika njia ya kwanza, “ishirini na tano” ni kitu kimoja kinachoeleza idadi ya maelfu, na jumla ni 25,000. Katika njia ya pili, “elfu ishirini” ndicho kitu kimoja, na “tano” imeongezwa juu yake, nayo jumla ni 20,005. Vivyo hivyo “elfu mia mbili na hamsini” ni 250,000 au 200,050. Msemaji hutofautisha maana hizi kwa kituo na kiimbo. Katika hundi hamna kiimbo, na wachache huandika mkato.

Chanzo cha utata huu ni mpangilio wa maneno. Kiswahili huweza kulitanguliza neno la kipimo na kuliacha neno la idadi lifuate, kwa hiyo kirai huwa wazi upande wa kulia, na kila “na” inayofuata yaweza kushikamana na elfu au na kilicho mbele yake. Mpangilio wa pili, ambao pia umezoeleka, huweka idadi kwanza: “ishirini na tano elfu”. Hapo elfu hukifunga kirai, na 20,005 itabidi iandikwe “ishirini elfu na tano”. Utata umekwisha.

Je, kanuni ya kifungu cha 9 itumikeje maneno yanapokuwa na maana mbili? Kwa maoni ya mwandishi, kifungu hicho huanza kazi pale tu panapokuwa na tofauti. Ikiwa tarakimu ni 20,005 na maneno ni “elfu ishirini na tano”, basi moja kati ya maana mbili za maneno inakubaliana na tarakimu, na kwa hiyo hakuna tofauti ya kuamuliwa. Tarakimu zinatumika kuyafasiri maneno. Lakini tusitegemee kwamba karani wa benki atafanya uchanganuzi huu dirishani. Atasoma maana iliyozoeleka, yaani 25,000, ataona tofauti, na atairudisha hundi.

Uwazi huo wa upande wa kulia una hatari nyingine. Aliyeandika “elfu kumi” na kuacha nafasi mwishoni amemwachia mdanganyifu mlango: akiongeza “na tano”, kumi huwa kumi na tano, na sufuri ya kwanza katika 10,000 haihitaji kazi kubwa kugeuzwa. Aliyeandika “kumi elfu tu” ameufunga mlango huo. Neno “tu”, ambalo wengi huliona kuwa pambo, lina kazi ya kisarufi hapa: linatangaza kwamba kirai kimekoma.

5. Ankara na uthibitisho wa mdomo

Ankara si hundi, na kifungu cha 9 hakiigusi. Ni madai ya muuzaji, na ndani yake mna ushahidi ambao hundi haina: idadi na bei. Kwa hiyo jumla ikiandikwa 68,400 kwa tarakimu na 64,800 kwa maneno, tusianze na lolote kati ya hayo mawili. Tuzidishe kwanza. Magunia 18 kwa Sh. 3,600 ni 64,800. Kisha tuilinganishe idadi na hati ya mapokezi, na bei na mapatano, kwani kuzidisha hakuwezi kufichua kosa lililomo katika vitu vinavyozidishwa.

Kuthibitisha kwa simu kuna mtego wake. “Sita” na “tisa” zina silabi mbili kila moja, irabu zile zile, na konsonanti zile zile zilizobadilishana nafasi. Katika simu yenye kelele ni rahisi moja kusikika kama nyingine. Kiswahili kina neno kongwe la “kenda” kwa tisa, na hapa ndipo lilipo na faida kuliko mrithi wake. Tena, anayeuliza asitaje kiasi anachokitarajia. Akisema, “Mzee, ni sitini na nne elfu, sivyo?” atajibiwa “ndiyo” kwa adabu tu. Aseme, “Mzee, naomba unisomee tarakimu moja moja kutoka kitabu chako,” kisha aombe asomewe kiasi kwa maneno.

6. Hitimisho

Katika hundi tuthibitishe maneno, na tuombe hundi mpya. Katika ankara tuthibitishe hesabu iliyozaa jumla. Kwa upande wa lugha tunapendekeza kwamba vitabu vya mafunzo ya biashara vifundishe umbo la “ishirini na tano elfu” katika hati za fedha, na kuliacha umbo la “elfu ishirini na tano” kwa mazungumzo, mahali ambapo sauti hufanya kazi ambayo karatasi haiwezi kuifanya.