Kompresa mpya mbele ya mhasibu (Sehemu ya Pili)

Mhandisi wa matengenezo anapoandika ombi la mashine mpya, mara nyingi huanza na sifa za mashine: ni ya kisasa, haina kelele, mshindani tayari anayo. Mkurugenzi husoma aya mbili, kisha humpelekea mhasibu karatasi. Mhasibu naye ana swali moja tu: fedha hizi zitarudi lini, na zitarudi kutoka wapi? Jibu la swali hilo halimo kwenye kijitabu cha muuzaji. Linapatikana kwenye chumba cha mashine, na linataka kupimwa.

Mfano mzuri ni kompresa ya hewa, kwa sababu bei yake ya kununulia ni sehemu ndogo ya gharama zake. Katika maisha yote ya mashine hiyo, sehemu kubwa ya fedha huenda kwenye umeme. Anayelinganisha bei za dukani peke yake anaangalia kitu kidogo na kuacha kikubwa.

Chukua kiwanda cha sabuni cha Dar es Salaam, chenye kompresa ya skrubu ya kilowati 55 inayosukuma silinda za hewa kwenye mashine za kufungasha. Kinafanya kazi zamu mbili, saa 16 kwa siku, siku sita kwa wiki, yaani saa 4,800 kwa mwaka ukiondoa likizo. Umeme ukadiriwe kuwa shilingi 200 kwa yuniti, na bei nyingine zote zinazofuata hapa pia ni za makadirio. Mwenye kuandika ombi la kweli ataweka bei iliyo kwenye ankara yake ya TANESCO, pamoja na ankara kifani za wauzaji wasiopungua watatu.

Kompresa ya aina hii, yenye mwendo mmoja, haizimiki kila hewa inapotosha. Inafunga mlango wa kuvutia hewa na kuendelea kuzunguka bure. Inapozunguka hivyo bado inakula kama asilimia 30 ya umeme wake wa kawaida, bila kutoa hewa yoyote. Mita iliyobanwa kwenye nyaya za mota kwa wiki nzima inaonyesha kilowati 60 mashine ikisukuma, kilowati 18 ikizunguka bure. Kumbukumbu za mashine yenyewe zinaonyesha kwamba inasukuma kwa asilimia 55 ya muda tu. Zidisha, na mwaka unagharimu yuniti 197,000 hivi, karibu shilingi milioni 39 na nusu.

Muuzaji anakuja na kompresa inayobadili mwendo wa mota kufuata mahitaji, aina ambayo Atlas Copco ilianza kuiuza mwaka 1994 na ambayo leo inatengenezwa na makampuni mengi. Hewa inayotakiwa ikipungua, mota inapunguza mwendo, na umeme unapungua karibu kwa kiwango hicho hicho. Mhandisi anashawishika kuagiza mara moja. Hapo ndipo maombi mengi yanapoharibika, kwa sababu kuna hatua iliyorukwa.

Hatua hiyo ni kupima uvujaji. Jumapili, mashine zote za kufungasha zikiwa zimezimwa, kompresa inawashwa na kuachwa ilishe mabomba matupu. Kiwanda hakitumii hewa yoyote, kwa hiyo kila inachosukuma ni kinachovuja. Ikisukuma dakika 3 katika kila 15, asilimia 20 ya uwezo wake inapotelea kwenye viungo vilivyolegea, mipira iliyopasuka na valvu zilizochoka. Katika viwanda visivyofuatilia jambo hili kiwango hicho ni cha kawaida kabisa. Maji ya sabuni na brashi yanatosha kuonyesha matundu, na kazi ya kuziba, pamoja na vipuri, ichukuliwe kuwa shilingi milioni 2.

Uvujaji ukishuka kutoka asilimia 20 hadi 8, kompresa ile ile ya zamani inaokoa yuniti 24,000 hivi, kama shilingi milioni 4.8 kwa mwaka. Fedha za matengenezo zinarudi ndani ya miezi mitano. Zaidi ya hayo, kilele cha mahitaji ya hewa nacho kinashuka, na mita ya wiki ya pili inaweza kuonyesha kwamba kompresa ya kilowati 37 inatosha. Aliyeharakisha kuagiza angenunua nyingine ya 55 ili kulisha matundu.

Sasa hesabu ya mashine mpya inaweza kufanywa kwa haki. Kompresa ya kilowati 37 yenye kubadili mwendo, kwa shilingi milioni 40 ikiwa imefungwa na kuwashwa, itakula wastani wa kilowati 28. Ikilinganishwa na ya zamani baada ya kuzibwa matundu, inaokoa shilingi milioni 7.7 kwa mwaka. Milioni 40 gawanya kwa 7.7: miaka mitano na miezi miwili. Mhandisi asiye makini angeijumlishia mashine mpya na akiba ya matundu, akaandika miaka mitatu na kidogo, na ombi lake lingeonekana tamu. Lakini akiba ya matundu haikuletwa na mashine. Mhasibu mwenye macho atalibaini hilo, na baada ya hapo hataamini hata tarakimu zilizo sahihi.

Miaka mitano ni mingi kwa kiwanda kinachotaka fedha zirudi ndani ya mitatu au minne. Kuna jambo moja halali linaloweza kubadilisha picha: kama kompresa ya zamani inadaiwa ukarabati mkubwa wa kichwa mwaka huo huo, kwa milioni 14, fedha hizo zingetoka hata bila mashine mpya. Zikitolewa, kinachobaki ni milioni 26, na muda wa kurejesha unakuwa miaka mitatu na miezi minne. Sharti ni kwamba ukarabati huo uwe kwenye bajeti iliyokwisha kuidhinishwa, au uthibitishwe na saa za mashine na ripoti ya mtetemo. Ukarabati wa kubuni hauokoi chochote.

Muda wa kurejesha una kasoro ambayo mwandishi wa ombi aitaje mwenyewe: hauhesabu bei ya fedha. Kama hizo milioni 26 zimekopwa benki kwa riba ya asilimia 16, mwaka wa kwanza riba peke yake ni milioni 4.16, zaidi ya nusu ya akiba yote. Mkopo ukilipwa kwa akiba hiyo tu, utachukua zaidi ya miaka mitano badala ya mitatu na miezi minne. Kiwanda kinachotumia fedha zake na kinachokopa havina jibu moja.

Katika sehemu ya hatari, iliyo nzito kuliko zote ni saa za kazi. Soko likilegea na zamu moja ikafungwa, akiba inakatika nusu na miaka mitatu na miezi minne inageuka karibu saba. Upande mwingine nao upo: uzalishaji ukipanda hadi mashine ikawa inasukuma kwa nguvu zote muda wote, faida ya kubadili mwendo inatoweka, kwani vifaa vyake vya kielektroniki navyo hula umeme kidogo. Vifaa hivyo pia haviipendi hali ya Dar es Salaam, yaani joto, vumbi, chumvi ya baharini na umeme unaopanda na kushuka. Kinga ya umeme na njia ya kutolea hewa ya moto ziingizwe ndani ya zile milioni 40, zisije kuombwa baadaye. Vipuri huuzwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo mashine ya zamani ibakizwe kama akiba badala ya kuuzwa, ili kadi moja ya kielektroniki inayosubiriwa bandarini isisimamishe kiwanda.

Ombi lifungwe kwa ahadi inayopimika: mita ya umeme ya kompresa peke yake, na ripoti baada ya miezi sita inayotaja yuniti kwa kila katoni elfu za sabuni. Yuniti tupu hazitoshi, kwa kuwa mwezi wa mauzo hafifu utaipa mashine sifa isiyo yake.

Wiki ijayo: mkataba na muuzaji, dhamana, na kipimo cha kupokelea mashine kabla malipo ya mwisho hayajatoka.