Wasifu wa baba aliyekuwa mgumu: Jinsi nilivyouandika bila uongo wala matusi

Baba alipofariki mwaka jana, kamati ya mazishi iliyokuwa ikikutana Nairobi ilinikabidhi kazi ya kuandika wasifu wake. Mimi ndiye mwalimu katika familia, wakasema, na kalamu naijua. Nilipewa siku tatu, kwa sababu vijitabu vya mazishi vilipaswa kuchapishwa kabla ya maiti kusafirishwa hadi nyumbani Mukuyuni, Kaunti ya Makueni. Nilipewa pia wasifu wa marehemu mwingine niutumie kama kielelezo. Ndani yake mlikuwa na sentensi ambayo msomaji bila shaka ameisikia mara nyingi: kwamba marehemu alikuwa baba mwenye upendo, mcheshi na rafiki wa wote.

Niliikata sentensi hiyo kabla ya kuandika lolote. Baba hakuwa mcheshi. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tukizisikiliza nyayo zake jioni ili tujue kama ni usiku wa kuzungumza au wa kunyamaza, na aghalabu ulikuwa wa kunyamaza. Waombolezaji ambao wangekaa chini ya hema ile walikuwa majirani zake wa miaka hamsini. Iwapo ningesimama na kumwita mcheshi, wangetazamana, na baada ya hapo wasingeamini hata yale mema ambayo ni kweli. Huo ndio ubaya wa sifa za kuazima: huyachafua mema halisi ya marehemu.

Kwa upande mwingine, sikutaka kumsema. Mtu aliye ndani ya jeneza hawezi kujibu, naye mama yangu angekuwa ameketi kiti cha mbele. Auma Obama alipoandika kitabu kuhusu maisha yake, kilichotoka Ujerumani mwaka wa 2010, hakuficha ugumu wa kuishi na baba yao, ambaye alikufa katika ajali ya barabarani Nairobi mwaka wa 1982. Lakini kitabu kina mamia ya kurasa, na msomaji hukisoma peke yake. Mwenye kusoma wasifu kaburini ana dakika kumi, na wasikilizaji wake wanalia.

Rasimu ya kwanza ilinishinda kwa sababu ya maneno ya kuhukumu. Nilikuwa nimeandika kwamba baba alikuwa mkali, mchoyo wa maneno, mwenye kiburi. Kila neno lilikuwa na ushahidi wake, ilhali kila neno lilisikika kama shtaka. Nikayafuta yote, na mahali pa kila moja nikaandika jambo alilolifanya, pamoja na mwaka wake. Tendo haliwi tusi likisimuliwa jinsi lilivyokuwa. Anayesikia ndiye hujiamulia.

Mfano ni suala la shule yangu. Nilifanya mtihani wa KCPE mwaka wa 1992 na nikapita vyema. Mwaka uliofuata nilikaa nyumbani, kwa kuwa baba alisema ya msichana yanaweza kungoja. Januari 1994 aliamka alfajiri, akapeleka ndama wawili sokoni, akarudi na kuniambia nifunge sanduku. Katika rasimu ya kwanza nilikuwa nimeandika hivi: “Baba alininyima shule mwaka mzima kwa sababu mimi ni msichana, lakini baadaye alitambua kosa lake.” Sentensi hiyo ina makosa mawili. Kwanza, inamshtaki. Pili, inamtungia toba ambayo sikuwahi kuisikia kinywani mwake. Niliyoisoma siku ya mazishi ilikuwa hii: “Mwaka wa 1993 nilikaa nyumbani. Mwaka wa 1994 baba aliuza ndama, akanipeleka shule. Hakunieleza sababu ya la kwanza wala ya la pili, nami sikuwahi kumuuliza.”

Hapo ndipo nilipogundua hila ya neno “lakini”. Ukisema alikuwa mgumu lakini alitulipia karo, karo inafuta ugumu. Ukigeuza, ugumu unafuta karo. Nililiondoa katika kurasa zote mbili na kuweka “na” kila mahali: aliwalipia karo watoto saba, na hakuwahi kufika shuleni kututembelea hata mara moja. Mambo yote mawili yanabaki yamesimama, hakuna linalomtetea mwenzake wala kumshtaki.

Aidha, nilisema yaliyonihusu mimi tu. “Nilimwogopa” ni jambo langu, hakuna anayeweza kulipinga, wala halimwiti mtu jina baya. Kaka yangu mkubwa alikuwa na yake, mazito kuliko yangu. Hakuwa amezungumza na baba kwa miaka kumi na mmoja. Nilimpigia simu kumuuliza kama niyaguse. Akanyamaza, kisha akasema, “Hayo niachie.” Nikamwachia. Kunyamazia jambo ambalo si lako hakukufanyi mwongo.

Kimya cha aina nyingine nilikikataa. Baba alikuwa na mtoto mmoja nje ya ndoa, naye kamati ilipendekeza jina lake lisionekane kwenye orodha ya watoto. Funika kombe mwanaharamu apite, alitania mjumbe mmoja, na wengine wakacheka. Sikucheka. Kosa la marehemu laweza kuachwa, ila mtu aliye hai haachwi. Isitoshe, vijitabu vya mazishi katika nchi hii hutolewa mahakamani wakati wa kesi za mirathi, na Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inamtambua mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa ikiwa baba alimkubali kuwa wake. Kufutwa kijitabuni hakumwondolei haki yake, ila huwasha moto kati ya ndugu. Mama alipoulizwa alisema kwa ufupi, “Mwandike, wa nane.” Akaandikwa wa nane.

Usiku wa kuamkia kuchapisha nilimsomea mama wasifu wote kwa Kikamba, pole pole. Tulikuwa tumekubaliana kwamba sentensi yoyote ambayo hangeweza kuisikia akiwa ameketi mbele ya watu, ningeiondoa bila kuuliza kwa nini. Aliniondolea moja tu, na siyo ile niliyoitarajia. Haitakuwa hapa pia. Palipotajwa ndama aliinua mkono. “Mmoja alikuwa wangu,” akasema. Nikasahihisha: ndama mmoja wa baba na mmoja wa mama.

Sifa nazo zilihitaji uchunguzi uo huo. Badala ya kusema alikuwa mchapakazi, nilieleza shamba letu la mteremkoni, ambalo mvua ilikuwa ikilisomba kila msimu. Baba alilikinga kwa matuta ya fanya juu: unachimba mtaro kukata mteremko, na udongo unaurusha upande wa juu, si wa chini, ndiyo sababu kazi hiyo huvunja mgongo. Alichimba tisa, mengi akiwa peke yake, na hadi leo mahindi na mbaazi husimama pale ambapo palikuwa makorongo. Nilipofika hapo niliona vichwa vikiitikia.

Baada ya udongo kurudishwa, mzee mmoja aliyekuwa jirani yake alinijia akiegemea mkongojo. Nilidhani amekuja kunikemea kwa kusema kwamba nilimwogopa baba yangu.

“Umesema matuta tisa,” akasema. “Ni kumi. La kumi lilichukuliwa na mvua ya El Nino mwaka wa 1997, na hakulichimba tena. Nilikuwapo.”

Kijitabu changu nimekirekebisha kwa kalamu.