Vidoa vyeusi kwenye plastiki nyeupe

Mtu amemaliza kuchapa vishikizo vya bluu kwenye printa yake ya 3D. Ametumia PETG, na nozeli ilikuwa nyuzi 240 za Selsiasi. Sasa anataka kifuniko cheupe cha PLA. Anaweka joto nyuzi 205, kama ilivyoandikwa kwenye roli ya PLA, anachomoa filamenti ya bluu, anaingiza nyeupe na kuisukuma mpaka inatoka nyeupe pepe. Kazi inaanza vizuri. Baada ya saa moja, ukuta wa kifuniko una nukta nyeusi, na juu yake mchirizi wa kahawia. Wengi hapo huilaumu roli mpya, na mara nyingi wanaionea.

Plastiki iliyoyeyuka ni nzito. Inapopita kwenye nozeli, ile ya katikati hukimbia na ile inayogusa kuta hubaki nyuma. Kwa hiyo weupe unaouona ukitoka ni wa katikati tu. PETG ya bluu bado imeng'ang'ania kuta, na kwa nyuzi 205 haina wepesi wa kuondoka. Inakaa pale ikipikwa saa baada ya saa, inageuka kahawia, kisha nyeusi, kama ukoko wa wali chini ya sufuria. Kipande kikibanduka, PLA inakibeba hadi kwenye kazi yako.

Rangi ya kidoa inakueleza mengi. Kikiwa bado cha bluu, filamenti ya zamani haijatoka yote. Kikiwa kahawia au cheusi, kuna plastiki iliyoungua. Kisha kiguse kwa ukucha. Kama kimekaa juu na kinabanduka, huenda kimetoka nje ya nozeli, maana PETG hupenda kuganda kwenye ncha yake, kuungua, na kudondoka. Hicho dawa yake ni brashi ya shaba nyeupe, nozeli ikiwa moto, kabla ya kila kazi. Kilichozama ndani ya ukuta kimetoka ndani ya nozeli, na brashi haitakifikia.

Kanuni ya kubadilisha ni hii: safisha kwa joto la ile plastiki inayohitaji joto zaidi, hata kama ndiyo unayoiondoa. Katika mfano wetu ni nyuzi 240. Ukishaingiza PLA nyeupe, amri hizi zinatosha kwa printa nyingi zinazotumia Marlin:

```
M83
M109 S240
G1 E100 F120
M104 S205
G1 E50 F60
```

Printa inasubiri joto lifike 240, inasukuma milimita 100 za filamenti, kisha inaanza kupoa huku ikiendelea kusukuma polepole milimita 50 nyingine. Kusukuma wakati wa kupoa ni muhimu, kwa sababu PLA nayo huungua ikiachwa imetulia kwenye nyuzi 240. Gharama yake ni ndogo: milimita 100 za filamenti ya unene wa milimita 1.75 hazifiki hata nusu gramu. Ukitoka kwenye rangi nzito kwenda nyeupe, rudia msukumo wa kwanza mara mbili au tatu.

Ukoko ulioshika sana hautoki kwa kusukuma. Huo unavutwa. Pasha nozeli hadi 240, sukuma PLA kwa mkono mpaka itiririke, halafu iache ipoe kabisa ikiwa imejaa ndani. Pasha tena hadi karibu nyuzi 90, legeza gia inayobana filamenti, na uivute juu kwa nguvu moja. Ikikataa, ongeza nyuzi 5 ujaribu tena. Ncha itakayotoka itakuwa na umbo la ndani ya nozeli, na uchafu mweusi umeigandia. Rudia mpaka ncha itoke safi. Mimi naamini ncha hiyo kuliko weupe wa filamenti inayotiririka, kwa kuwa ndiyo pekee iliyogusa kuta zenyewe.

Ncha ikitoka safi mara kadhaa na vidoa bado vinarudi, tazama juu ya nozeli. Kwenye printa nyingi za bei nafuu, mpira mweupe wa PTFE unashuka mpaka kugusa nozeli. Ukiacha upenyo hata mdogo, plastiki inaingia humo, na hakuna msukumo wala mvuto utakaoitoa yote. Fungua nozeli ikiwa moto, toa mpira, kata mwisho wake uwe sawasawa kabisa, urudishe mpaka ukae barabara, kisha kaza nozeli mara ya mwisho printa ikiwa moto. Mpira uliogeuka kahawia mwishoni umeshaharibika. Kata sehemu hiyo, au uubadilishe wote.