Beji ya Mkutano: Jina Lisomeke Kutoka Mita 3

Anayevaa beji ya mkutano haihitaji. Jina lake analijua. Beji ni ya yule anayekutana naye kwenye foleni ya chai, mwenye kikombe mkono mmoja na kabrasha mkono wa pili, anayetaka kujua amwite nani kabla hajatoa salamu. Ana muda wa kutupa jicho mara moja tu. Akilazimika kusogea na kuinama ili asome maandishi yaliyo kifuani mwa mtu asiyemfahamu, wote wawili wataona haya, hasa kama aliyevaa ni mwanamke. Wengi huamua kutouliza, wakapitana.

Pamoja na hayo, beji nyingi hupangwa kama barua rasmi. Juu kuna nembo ya taasisi, chini yake kaulimbiu ya mkutano kwa mistari mitatu, kisha nembo za wafadhili, na jina la mtu limebanwa mahali palipobaki. Beji nzuri huanza na jina. Mengine yote hupewa nafasi inayosalia.

Herufi ziwe kubwa kiasi gani?

Jibu linaweza kuanzia kwenye chati ya herufi iliyopo kwa daktari wa macho. Mtu mwenye macho mazima, akiwa mita 6 kutoka kwenye chati, huweza kutambua herufi yenye kimo cha karibu milimita 9. Akiwa mita 3, ambao ndio umbali wa mtu anayekukaribia ukumbini, nusu yake inatosha, yaani milimita 4 na ushei. Lakini huo ni mwisho wa uwezo wa jicho, kwa mtu aliyetulia kwenye mwanga mzuri. Ili jina lisomeke kwa kutupa jicho tu, hata na mzee aliyeacha miwani chumbani, kimo hicho kizidishwe mara mbili na robo tatu hivi. Tunapata milimita 12.

Kwenye kompyuta, ukubwa wa fonti hupimwa kwa pointi, na pointi 1 ni takriban milimita 0.35. Kipimo hicho hujumlisha nafasi ya juu na ya chini ya herufi, hivyo herufi kubwa yenyewe huchukua kama asilimia 70 tu. Kwa hesabu hiyo, herufi yenye kimo cha milimita 12 inahitaji fonti ya pointi 48. Tumia fonti isiyo na mapambo, kama Arial au Open Sans, iliyokolezwa, kwa wino mweusi juu ya karatasi nyeupe. Jina la ukoo na taasisi zinaweza kuwa za pointi 20, kwa sababu hizo husomwa watu wakiwa wameshaanza kuzungumza, wamesimama mita 1 tu kutoka kwa mwenzake.

Hapo ndipo upana unapoleta shida. Beji za kawaida hukatwa kwa ukubwa wa A6, nne kwa kila karatasi ya A4: milimita 105 kwa 148. Ikisimama wima na ukiacha pambizo la milimita 8 kila upande, jina linabaki na milimita 89. Jina kama Juma au Neema litakaa kwa raha. Mwanahamisi, lenye herufi 11, linahitaji kama milimita 110 kwa pointi 48. Ukilazimisha, litakatika au programu italipunguza yenyewe, na jina refu ndilo litakaloonekana dogo kuliko yote. Ukilaza beji, unapata milimita 132 za kuandikia, na Mwanahamisi anaenea bila kupunguzwa. Kwa majina yetu, beji ya kulala ndiyo salama. Kwa majina machache yaliyo marefu zaidi ya hapo, shuka hadi pointi 40 na usiende chini yake.

Jina lipi ndilo la kwanza?

Tuseme unaandaa kongamano la walimu wa Kiswahili mjini Arusha, lenye washiriki 180 kutoka Tanzania, Kenya, Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo. Umepokea orodha ya majina kwenye jedwali, na umeiagiza programu ichukue neno la kwanza la kila jina na kuliandika kwa herufi kubwa. Kwa mshiriki wa Zanzibar aliyejiandika Salma Juma Khamis, itapatia, kwani Salma ndilo jina lake, na yanayofuata ni ya baba na babu. Kwa mshiriki wa Rwanda aliyejiandika Mukamana Claudine, itakosea. Katika Rwanda, Burundi na Kongo, jina la Kikristo au la Kiislamu mara nyingi huandikwa mwisho kwenye nyaraka rasmi, ilhali ndilo ambalo wenzake huenda wanamwitia. Hakuna programu inayoweza kulijua hilo kwa kuangalia mpangilio wa maneno.

Tena kuna suala la heshima. Profesa wa umri wa miaka 70 anaweza asipendezwe na kuitwa Ibrahim na kijana wa miaka 25 kwa sababu tu beji imesema hivyo. Mwingine amezoea kuitwa Mwalimu Rehema au Mama Asha, na ndivyo anavyotaka. Dawa ya yote mawili ni kuongeza nafasi moja kwenye fomu ya usajili: "Ungependa uitwe nani mkutanoni?" Atakachojaza hapo ndicho kitakachoandikwa kwa pointi 48, herufi kwa herufi. Jina kamili likae chini yake kwa maandishi madogo. Asiyejaza apigiwe simu. Kuwapigia watu 10 au 15 ni kazi ya asubuhi moja.

Rangi na wajibu

Rangi ni kwa ajili ya anayetazama kutoka mbali kuliko msomaji wa jina: mlinzi wa mlangoni, mhudumu anayemtafuta mtoa mada anayefuata, mshiriki anayetaka msaada wa kamati. Kwa hiyo rangi ichukue utepe mpana wa milimita 20 hivi kwenye ukingo wa chini wa beji, upande mmoja hadi mwingine. Usipake beji nzima. Jina jeusi juu ya zambarau au kijani iliyoiva hufifia, na kazi uliyoifanya kwenye pointi 48 hupotea.

Makundi yasizidi manne au matano. Kwa kongamano letu la Arusha: buluu kwa washiriki, chungwa kwa watoa mada, nyeusi kwa kamati ya maandalizi, njano kwa wanahabari. Ukiongeza buluu mpauko kwa wafadhili na samawati kwa wageni waalikwa, hakuna atakayezitofautisha chini ya taa za ukumbi, na printa mbili tofauti hazitazitoa sawasawa. Vilevile, fikiria watu watazisomaje rangi zenyewe. Nchini Tanzania, kijani na njano zikikaa pamoja humkumbusha mtu Chama cha Mapinduzi, jambo ambalo huenda halihusiani na mkutano wako.

Usiiachie rangi peke yake kazi ya kueleza wajibu. Wapo watu ambao nyekundu na kijani kwao hukaribiana mno. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya kaskazini ni karibu 1 kati ya 12, na hapa kwetu wapo pia ingawa ni wachache zaidi. Andika MTOA MADA au MWANAHABARI ndani ya utepe, kwa maandishi meupe kwenye rangi nzito na meusi kwenye njano na chungwa. Maandishi meupe juu ya njano hayasomeki na mtu yeyote. Kama unataka kujua rangi zako zinatofautiana vya kutosha, toa nakala ya beji zote kwenye fotokopi isiyo na rangi. Tepe mbili zikitoka na kijivu kilekile, badilisha mojawapo.

Tundu na kamba

Beji yenye tundu moja katikati huning'inia kwenye ndoano moja, nayo ndoano huzunguka. Mvaaji akitembea, beji hugeuka, na baada ya nusu saa nusu ya watu ukumbini wanaonyesha mgongo mweupe wa karatasi. Kuna njia mbili za kuzuia hilo. Ya kwanza ni kutoboa matundu mawili, moja kila pembe ya juu, na kununua kamba zenye ndoano mbili. Beji hiyo haigeuki. Ya pili, kama kamba zilizopo ni za ndoano moja, ni kuchapa upande wa nyuma sawa na wa mbele.

Ukichapa pande mbili, kuwa makini na mpangilio. Kwenye A4 iliyolazwa yenye beji nne, karatasi inapogeuzwa, beji ya kushoto huwa kulia. Lazima safu za ukurasa wa nyuma zibadilishane nafasi, la sivyo Salma atakuwa na jina la Claudine mgongoni. Kwenye mipangilio ya printa chagua `Flip on short edge`, ili nyuma isitoke kichwa chini. Toa karatasi moja, ishike mbele ya dirisha, uone kama majina ya pande zote mbili yanalaliana.

Tundu lenyewe liwe la mstatili, kama milimita 14 kwa 3, na liwe angalau milimita 6 kutoka ukingo wa juu. Likisogea juu zaidi ya hapo, karatasi huchanika siku ya pili. Likiwa moja, likae katikati kabisa, maana milimita chache tu kuelekea kushoto huifanya beji yote iiname kulia. Acha milimita 20 za juu bila maandishi, kwani tundu na ndoano vitafunika chochote utakachoweka hapo.

Kamba nazo ni ndefu kupita kiasi. Nyingi zinazouzwa steshenari huning'inia kama sentimita 45, hivyo beji hufika tumboni, na mvaaji akiketi huzama chini ya meza. Funga fundo nyuma ya shingo ili beji ipande hadi kifuani, au agiza kamba zinazoweza kufupishwa.

Kabla ya kuchapa beji zote 180, chapa tatu: yenye jina refu kuliko yote kwenye orodha, yenye jina fupi kuliko yote, na ya mtoa mada. Zikate, zitoboe, uzitie kamba, uwavishe wenzako watatu wa ofisini. Waambie watembee, kisha simama mita 3 mbele yao na umwombe mtu asiyewafahamu asome majina. Akisita kwenye moja, rudi kwenye kompyuta. Na kama nafasi haitoshi, punguza nembo.