Kufunga Biashara kwa Nusu ya Faida
Katika soko la opsheni la Marekani, tuseme mtu ameuza mkataba mmoja na kununua mwingine wa kujikinga, akabaki na dola 100. Hiyo ndiyo faida yake ya juu kabisa. Hasara inaweza kufika 400. Muda ni siku 45. Siku ya 20, kuifunga biashara hiyo kunagharimu dola 50. Akifunga, nusu ya faida ni yake. Akingoja, anawania 50 zilizobaki huku akihatarisha 450: zile 400 na 50 alizokwisha kupata. Mwanzoni alihatarisha dola nne kwa kila moja. Sasa ni tisa. Hata hivyo, hasara moja kamili humeza faida nane za namna hii, hivyo hasara nayo ikatwe mapema.